Pampu ya Dodoma Iliyoonekana Baharini

Chukua namba mbili zinazoonyesha mahali jiji la Dodoma lilipo duniani, −6.17 na 35.74. Ya kwanza ni latitudo, umbali wa mahali kutoka Ikweta kwenda kaskazini au kusini. Ya pili ni longitudo, umbali wa mahali kutoka mstari wa Griniwichi kwenda mashariki au magharibi. Sasa zigeuze: 35.74 iwe latitudo na −6.17 iwe longitudo. Dodoma inahama bara na kuangukia ndani ya bahari ya Atlantiki, magharibi kidogo ya mji wa Tangier, Moroko. Ukifanya hivyo kwa Dar es Salaam, utaibukia bara la Hispania, kati ya Badajoz na Cáceres. Mombasa nayo itatua karibu kilomita 20 kusini mwa Toledo.

Mambo haya hutokea kila wiki katika ofisi za maji, za umeme, za afya na za usafirishaji, popote palipo na jedwali lenye safu mbili zilizoandikwa `latitude` na `longitude`. Mtu anakwenda kijijini, anapima mahali kituo cha kuchotea maji kilipo, anarudi na namba. Namba zinaingizwa kwenye jedwali, jedwali linapelekwa kwenye ramani, na ghafla ramani iliyotakiwa kuonyesha mkoa mmoja inaonyesha Afrika nzima na kipande cha Ulaya. Wenye bahati huliona kosa hapo hapo. Wengine hawafungui ramani kabisa. Wanahesabu wastani, wanapanga njia za magari, wanaandika ripoti, na bomba la Dodoma linabaki baharini bila mtu kujua.

Kwa nini kompyuta haipigi kelele? Jibu lake linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko watu wengi wengine. Programu nyingi hukagua jambo moja tu: latitudo isizidi 90 na longitudo isizidi 180, kaskazini au kusini, mashariki au magharibi. Mtu wa San Francisco akigeuza namba zake, longitudo yake ya −122 inakaa kwenye safu ya latitudo, na kwa kuwa dunia haina latitudo ya 122, programu inakataa mara moja. Longitudo zetu sisi ziko kati ya 29 na 42. Namba 35 au 39 ni latitudo halali kabisa. Kuna watu wanaoishi hapo, wanalima zeituni. Kwa hiyo kosa letu linapita mlangoni likiwa na kitambulisho sahihi. Ukaguzi wa kawaida unaokuja na programu hautusaidii, na lazima tujiandikie wa kwetu.

Afueni tuliyo nayo ni kwamba latitudo zetu na longitudo zetu hazikutani kabisa. Kuanzia kusini mwa Tanzania hadi kaskazini mwa Kenya na Uganda, latitudo haishuki chini ya −12 wala haipandi juu ya 6. Longitudo haishuki chini ya 29. Ukikuta 36 kwenye safu ya latitudo, hakuna haja ya kubahatisha: zimegeuzwa. Watu wa Aleppo, Siria, hawana bahati hiyo, maana latitudo yao ni 36 na longitudo yao 37. Ukizigeuza unabaki jirani tu, na kosa halionekani kwa macho.

Asili ya kugeuka huku ni kwamba dunia haijakubaliana ipi itangulie. Ukinakili mahali kutoka Google Maps, latitudo inatangulia. Faili za GeoJSON, zinazotumika sana kubeba data za ramani, huanza na longitudo. Wapima ardhi wanaotumia mita badala ya nyuzi wamezoea kutaja mashariki kwanza, kisha kaskazini. Na kwenye QGIS, programu ya ramani ya bure ambayo ofisi nyingi hutumia, ukitaka kuingiza jedwali unaulizwa `X field` na `Y field`. Mtu anaiona X ni ya kwanza, latitudo nayo ni safu ya kwanza kwenye jedwali lake, anaziunganisha. Kumbe X ni longitudo. Katika hali hii jedwali halina kosa lolote. Kosa liko kwenye kuliingiza. Ndiyo maana, kabla ya kugusa namba yoyote, ni vizuri kutazama kama mistari yote imegeuka au michache tu. Ikiwa yote imeruka Moroko, tatizo ni vichwa vya safu au X na Y. Ikiwa imeruka kumi kati ya mia tatu, panga jedwali kwa jina la mkusanyaji na kwa tarehe. Mara nyingi zitakuwa za mtu mmoja, siku moja, fomu moja ya karatasi. Anayekimbilia kugeuza safu nzima hapo ataokoa kumi na kuzamisha mia mbili na tisini.

Suala la nafasi tupu ni gumu zaidi, kwa sababu utupu huvaa nguo nyingi. Upo utupu wa kweli, kisanduku kisicho na kitu. Upo wa nafasi moja iliyobonyezwa kwa bahati mbaya, ambayo kwa macho ni tupu lakini kwa kompyuta ni maandishi. Upo wa deshi, wa "hakuna", wa 9999. Mbaya kuliko wote ni sifuri, kwa sababu sifuri ni namba na inaingia kwenye hesabu. Latitudo 0 na longitudo 0 ni mahali halisi: Ghuba ya Guinea, zaidi ya kilomita 500 kusini mwa pwani ya Ghana, ambapo pamewahi kuwekwa boya la kupima hali ya hewa na pana maji matupu. Watu wa ramani huliita kwa utani kisiwa, kutokana na wingi wa shule, zahanati na visima vya dunia nzima ambavyo kompyuta imevipeleka pale.

Mfano ambao yeyote anaweza kuukagua mwenyewe ni orodha ya vituo vya maji vya Tanzania iliyotokana na Wizara ya Maji na mradi wa Taarifa, ikawekwa wazi kwa ajili ya shindano la wachambuzi wa data liitwalo Pump it Up. Sehemu yake kuu ina mistari 59,400. Katika mistari 1,812, sawa na vituo 3 katika kila 100, longitudo ni 0. Ukiacha mistari hiyo ndani, wastani wa longitudo ya vituo vyote ni kama 34.08. Ukiitoa, wastani unakuwa 35.15. Tofauti hiyo ni zaidi ya kilomita 100 ardhini, imeletwa na namba ambazo hakuna mtu aliyezipima.

Orodha hiyo ina mambo mengine mawili ya kufundisha. La kwanza: kwenye mistari hiyo latitudo si 0 kamili. Imeandikwa −2e-08, yaani −0.00000002, umbali wa milimita chache kutoka Ikweta. Mtu akiiagiza kompyuta itafute latitudo iliyo sawa na 0, itamjibu kwamba hakuna hata moja, naye atalala usingizi. Sifuri iliyopita kwenye hesabu za kompyuta mara nyingi hutoka na mabaki madogo namna hii, kwa hiyo usiulize kama namba ni sawa na 0. Uliza kama iko karibu na 0. La pili: mistari hiyo haikutapakaa nchi nzima. Ni ya mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Anayeifuta yote ili kusafisha data anafuta Kanda ya Ziwa kwa sehemu, kisha anashangaa mbona mikoa hiyo ina vituo vichache.

Kwa wasomaji wa Kenya na Uganda lazima niongeze neno. Sifuri ya longitudo ni kosa kwetu sote, kwani mstari huo unapita Tema, Ghana, mbali na sisi. Lakini sifuri ya latitudo inaweza kuwa kweli. Ikweta inapita Nanyuki na Maseno, na kisima cha huko kinaweza kuwa na latitudo ya 0.004 bila kosa lolote. Hali ni hiyo hiyo kwa alama ya hasi. Sehemu yote ya Tanzania iko kusini mwa Ikweta, hata ncha yake ya kaskazini kabisa, kwa hiyo latitudo yoyote isiyo na alama ya hasi ni kosa, na Dodoma bila alama hiyo inaangukia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Kenya huwezi kuibandika alama ya hasi kwa mkupuo: Kisumu iko kusini mwa Ikweta na Kitale iko kaskazini.

Sasa tufanye kazi yenyewe. Tuchukue orodha ndogo ya mfano ya vituo saba vya kuchotea maji, na tuseme eneo la huduma ni Dodoma mjini na pembezoni mwake. Tunalizungushia mstatili: latitudo kuanzia −6.4 hadi −5.9, longitudo kuanzia 35.5 hadi 36.1. Mstatili usibane mno. Visima vya Makutupora vinavyoilisha Dodoma maji viko kaskazini mwa jiji, na anayechora mstatili akiangalia katikati ya mji pekee ataviacha nje vyanzo vya maji yenyewe.

```
KT-01   -6.1731        35.7420
KT-02   35.7512        -6.1688
KT-03   6.1904         35.7655
KT-04
KT-05   -0.00000002    0
KT-06   -6.1820        35.4719
KT-07   -5.8640        35.7702
```

Tuseme latitudo iko safu ya B na longitudo safu ya C kwenye Excel. Kwenye safu ya D tunaandika fomula hii, kisha tunaiburuta hadi chini:

```
=IF(OR(NOT(ISNUMBER(B2)),NOT(ISNUMBER(C2))),"TUPU",
 IF(OR(ABS(B2)<0.01,ABS(C2)<0.01),"SIFURI",
 IF(AND(B2>=-6.4,B2<=-5.9,C2>=35.5,C2<=36.1),"NDANI",
 IF(AND(C2>=-6.4,C2<=-5.9,B2>=35.5,B2<=36.1),"IMEGEUZWA",
 IF(AND(B2>=5.9,B2<=6.4,C2>=35.5,C2<=36.1),"HAINA HASI",
 "NJE")))))
```

Mpangilio wa maswali hayo una sababu. Swali la kama kisanduku kina namba lazima litangulie, kwa kuwa Excel huhesabu kisanduku kitupu kuwa sawa na 0 unapokilinganisha, na huhesabu maandishi yoyote kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Neno "hakuna" likilinganishwa na 35.5, Excel itakuambia "hakuna" ni kubwa zaidi, na mstari unapita. `ISNUMBER` inavikamata vyote kwa pamoja: kitupu, deshi, nafasi, hata "6.17S" na "-6,17" yenye mkato mahali pa nukta. Hizi mbili za mwisho zina taarifa ndani yake, kwa hiyo neno TUPU hapa lina maana kwamba kompyuta haikupata namba, na mtu bado anapaswa kutazama kwa macho. Baada ya hapo ndipo sifuri inaulizwa. Kwa Uganda au Kenya, ondoa sehemu ya `ABS(B2)` kwa sababu niliyokwisha kueleza.

Matokeo: KT-01 iko ndani. KT-02 imegeuzwa. KT-03 haina alama ya hasi. KT-04 ni tupu, KT-05 ni sifuri, na KT-06 na KT-07 ziko nje. Mbili tu kati ya hizi, KT-02 na KT-03, zinaweza kurekebishwa mezani, kwa sababu baada ya kuzirekebisha zinaingia ndani ya eneo bila kulazimishwa. Hata hizo, usiandike juu ya namba za mwanzo. Tengeneza safu mbili mpya, E na F, na acha B na C kama zilivyotoka porini:

```
E2:  =IF(D2="IMEGEUZWA",C2,IF(D2="HAINA HASI",-B2,B2))
F2:  =IF(D2="IMEGEUZWA",B2,C2)
```

Mistari iliyoitwa TUPU na SIFURI isitumie safu hizi mpya. Visanduku vyake vya E na F vifutwe vibaki wazi. Excel ikivuta kisanduku kitupu kwa fomula kama hii huandika 0, na utakuwa umeizalisha upya sifuri uliyotoka kuifukuza.

KT-06 na KT-07 ndizo zinazohitaji akili ya mtu. Zote mbili zimeandikwa NJE, lakini hazifanani. KT-06 iko kilomita chache tu nje ya ukingo wa magharibi, upande wa Bahi, na fomu yake inasema kituo kiko kata ya mjini. Mahali hapo na mjini ni mbali, karibu kilomita 30. Ukitazama namba, 35.4719, utashuku kwamba ilikuwa 35.7419 na vidole viliruka. Shaka hiyo ni nzuri, ila ni shaka. Tarakimu nyingine nyingi zingeweza kubadilishwa nazo zikaingiza kituo ndani ya eneo, na kila badiliko lingekipeleka mtaa tofauti. Hapa fomu ya karatasi au picha ya kituo ndiyo itakayoamua, siyo anayekaa kwenye kompyuta.

KT-07 iko kilomita 4 tu kaskazini mwa mstatili. Hakuna tarakimu iliyoruka, hakuna alama iliyopotea, na jina la kijiji kwenye fomu linalingana na mahali. Inawezekana kabisa bomba limesogezwa hadi huko na mpaka tulioutumia umepitwa na wakati. Mstari wa namna hii ukifutwa kwa kuwa "uko nje", wateja wa kweli wanafutwa nao. Kwa maoni yangu, neno NJE halipaswi kamwe kuwa sababu ya kufuta. Ni sababu ya kuuliza.

Mstatili wenyewe nao una upofu wake, na kadiri eneo linavyokuwa kubwa upofu unaongezeka. Ukizungushia Tanzania yote mstatili, latitudo −11.8 hadi −1 na longitudo 29.3 hadi 40.5, umeingiza ndani Nairobi, Mombasa na Kigali, pamoja na sehemu kubwa ya ziwa Viktoria. Kituo kilichoandikwa Arusha kinaweza kuangukia Nairobi na fomula ikasema NDANI. Kwa hiyo, baada ya mstatili kuchuja makosa makubwa, hatua ya pili ni mpaka halisi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imewahi kutoa faili za mipaka ya mikoa, wilaya na kata zinazofunguka kwenye QGIS. Unaweka vituo juu ya mipaka, unatumia zana ya `Join attributes by location`, na kila kituo kinapewa jina la kata kilimoangukia. Kisha unalinganisha jina hilo na lile lililoandikwa kwenye fomu. Yasipolingana, umepata kosa ambalo mstatili usingeliona hata ungeubana vipi. Kuwa mpole na vituo vilivyo mpakani kabisa, kwani mchoro wa mpaka na kipimo cha simu vyote vinaweza kukosea kwa mita kadhaa.

Lipo kosa moja linalopita hata hapo. Mkusanyaji hakufika kituoni, au alifika simu ikakosa setilaiti, akajaza namba akiwa ofisini. Namba hizo ziko ndani ya eneo, hazijageuzwa, zina alama ya hasi, wakati mwingine hata kata ni sahihi. Linalowasaliti ni kufanana. Vituo viwili tofauti haviwezi kuwa na latitudo na longitudo zinazolingana hadi desimali ya tano, kwa kuwa desimali ya tano ni kama mita moja ardhini. Ihesabu hivi:

```
=COUNTIFS(B:B,B2,C:C,C2)
```

Jibu likiwa zaidi ya 1, fungua ramani uone nukta hiyo iko juu ya nini. Ikiwa juu ya paa la ofisi ya wilaya, vituo hivyo bado havijapimwa.

Kilichobaki, yaani KT-04 na KT-05 katika mfano wetu pamoja na zote zilizofichuliwa kwa kufanana, hakina tiba ya mezani. Wapo wanaojaza nafasi hizo kwa wastani wa kata ili ramani ipendeze. Kwa hesabu za jumla za mkoa inaweza kuvumilika, ilimradi mistari hiyo ina alama inayosema namba hazikupimwa. Kwa fundi anayetumwa kutengeneza pampu ni kumdanganya, maana atapelekwa katikati ya kata, pengine shambani mwa mtu. Orodhesha vituo hivyo kwa kijiji, mpe mtu anayekwenda huko kwa shughuli nyingine, na mwambie asimame kwenye kituo chenyewe asubiri mpaka simu ionyeshe usahihi wa mita 10 au chini yake kabla ya kuhifadhi. Mpaka atakaporudi, visanduku hivyo viachwe wazi.